Ubao wa kazi upo ukutani, lakini msimamizi haoni maendeleo: dalili, vyanzo na marekebisho

Mwongozo huu unahusu ubao wa aina rahisi kabisa: safu nne zilizochorwa kwenye ubao mweupe, karatasi za kunata zinazotumika kama kadi, na kitengo cha watu wanne au watano wanaowajibika kwa mkuu mmoja. Safu zetu tuliziita Bado, Inafanyika, Inasubiri mtu na Imeisha. Anayetumia Trello au jedwali la kompyuta atakutana na matatizo hayohayo, kwa kuwa kinachoharibu ubao wa ukutani ndicho kinachoharibu ule wa kwenye simu. Mifano imetoka katika kitengo kimoja cha mipango na takwimu nilichofanyia kazi, katika halmashauri ambayo haina haja ya kutajwa.

Kabla ya kutafuta chanzo chochote, fanya jaribio moja la dakika kumi. Chagua kadi tano zilizo katika safu ya Inafanyika, mfuate kila mwenye kadi mezani kwake, na umuulize jambo la mwisho alilolifanya katika kazi hiyo na siku alipolifanya. Kama kadi nne au zote tano zinalingana na majibu, ubao unasema kweli na tatizo liko kwenye mwendo wa kazi. Ruka sehemu inayofuata. Kama mbili au zaidi hazilingani, anza na sehemu inayofuata, maana hesabu yoyote utakayoifanya juu ya ubao usio wa kweli itakupa jibu lisilo la kweli.

Dalili: kadi huhama siku ya kikao tu

Ubao hukaa bila kuguswa kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, kisha Ijumaa asubuhi, nusu saa kabla ya kikao, kila mtu anasimama mbele yake akihamisha kadi zake. Katika Trello ni rahisi kulithibitisha hili, kwani kila kadi huhifadhi kumbukumbu ya nani aliihamisha na saa ngapi. Kwa ubao wa ukutani, agiza kwamba anayehamisha kadi aandike tarehe ya siku hiyo kwenye kona ya chini. Baada ya wiki mbili, kama tarehe karibu zote ni za Ijumaa, jibu umelipata.

Wakuu wengi hudhani chanzo ni uvivu. Mara nyingi nilichokikuta ni kwamba kazi halisi ya wiki haikuwa ubaoni hata kidogo. Mchumi wetu mmoja alikuwa na kadi mbili tu, na zote zilikaa pale pale siku nane. Tulipokaa naye kuorodhesha alichokifanya katika siku hizo, tulipata barua tatu za kujibu maombi ya takwimu kutoka mkoani, siku moja na nusu ya kuwaongoza wageni wa ukaguzi, na jalada ambalo masjala waliliomba lirudishwe likiwa limepangwa upya. Hakuna hata moja kati ya hayo iliyokuwa na kadi, kwa hiyo msimamizi aliyetazama ubao alimwona mtu asiyefanya kitu.

Marekebisho yake ni kuwa na karatasi za rangi ya pili kwa ajili ya kazi zinazoingia ghafla. Sisi tulitumia za waridi, na tukaweka kipimo: jambo litakalochukua zaidi ya nusu saa lipate kadi, lililo chini ya hapo liache lipite. Bila kipimo hicho ubao hujaa vikadi vya "kupiga simu kwa mtendaji wa kata", na baada ya wiki moja watu huchoka kuviandika. Faida ya rangi huonekana mwishoni mwa mwezi, wakati msimamizi anapouliza kwa nini kazi zilizopangwa hazikuisha na kadi za waridi ziko pale zikimjibu.

Kuna chanzo cha pili ambacho hakisemwi kwa sauti, nacho ni hofu. Kama mtu aliwahi kukaripiwa hadharani kwa sababu kadi yake ilikuwa safu ya Inasubiri mtu, hataiweka huko tena. Ataiacha Inafanyika hadi dakika ya mwisho. Hili halirekebishwi kwa kuchora safu mpya. Msimamizi mwenyewe ndiye anayepaswa kuuliza "nikusaidie wapi?" mahali alipozoea kuuliza "kwa nini bado?", na aulize hivyo kwa wiki kadhaa kabla watu hawajamwamini.

Dalili: safu ya Inafanyika imejaa, na Imeisha haipati kitu

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote, na ndilo linalowaumiza wafanyakazi wenye bidii, kwa sababu wanafanya kazi kutwa na bado hawana cha kuonyesha. Nitalieleza kwa hesabu ya kitengo chetu. Tulikuwa wanne. Siku niliyohesabu, safu ya Inafanyika ilikuwa na kadi 21. Nilirudi nyuma wiki sita kwa kutazama tarehe zilizo kwenye kadi, nikakuta tulikuwa tukimaliza kadi 4 kwa wiki kwa wastani. Gawanya 21 kwa 4, unapata wiki tano na kidogo. Maana yake ni kwamba kadi inayoanzwa leo itegemewe kuisha baada ya wiki tano, hata kama kazi yenyewe, ukiifanya bila kukatizwa, ni ya siku mbili.

Hesabu hii si kanuni ya kubuni. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alichapisha uthibitisho wake: katika mfumo uliotulia, wastani wa vitu vilivyomo ndani ni sawa na kasi ya vinavyoingia ikizidishwa kwa wastani wa muda ambao kila kimoja hukaa humo. Inahusu foleni ya benki kama inavyohusu kadi za ofisini. Sharti la kutulia lizingatiwe, kwani mwezi wa kuandaa bajeti, ambapo kazi zinaingia kwa fujo na zinatoka chache, utakupa jibu linalodanganya. Chukua wiki za kawaida.

Ukiitazama hesabu hiyo vizuri utaona njia ni mbili tu: kumaliza kadi nyingi zaidi kwa wiki, jambo ambalo watu wanne waliokwisha kuchoka hawaliwezi, au kupunguza zilizo ndani. Tulichagua ya pili. Tukaandika namba 8 kwa kalamu nyekundu juu ya safu ya Inafanyika, yaani kadi mbili kwa kila mtu, na kadi 13 zilizobaki tukazirudisha Bado. Kuzirudisha kulikuwa kugumu kuliko nilivyotarajia. Mwenzetu mmoja alishika kadi yake mkononi muda mrefu akisema kazi hiyo ameshaianza, ana kurasa tatu, ataonekana vipi akiirudisha? Kwa kasi ileile ya kadi 4 kwa wiki, kadi 8 zina maana ya wiki mbili kwa kila kazi, na ndivyo ilivyokuja kuwa takriban, baada ya mwezi mmoja hivi wa kumaliza viporo.

Neno kanban, ambalo ndilo asili ya mbao hizi, kwa Kijapani ni kibao au bango. Katika viwanda vya Toyota, chini ya mhandisi Taiichi Ohno, kadi hiyo ilikuwa ruhusa: bila kadi iliyorudi kutoka hatua ya mbele, hatua ya nyuma haikutengeneza kitu. Ofisi nyingi zimechukua safu na rangi, zikaiacha ile ruhusa, na ubao usio na kikomo ni orodha ya kazi iliyotundikwa ukutani.

Kikomo kina njia zake za kuvunjika, nazo huonekana upesi. Ya kwanza ni kadi za kufichwa: ubao unaonyesha 8, lakini droo ya mtu ina madaftari ya kazi nyingine nne anazoendelea nazo. Utaijua kwa kutazama Imeisha, kwani kadi zitatokea huko bila kupita katikati. Ya pili ni msimamizi mwenyewe kuingia na jambo jipya la haraka. Yeye ana haki ya kufanya hivyo, na si adabu kumkatalia kwa kumwonyesha namba nyekundu. Tulichojifunza ni kumpa uamuzi badala ya kumpa kizuizi. Nakumbuka mazungumzo ya kwanza ya namna hiyo, mkuu wetu alipofika na dokezo mkononi:

"Hii ya mkoani inatakiwa Jumatano."

"Sawa, Mama. Kwa sasa nina hizi mbili, ya takwimu za shule na ya mpango kazi. Nisimamishe ipi ili hii iingie?"

Alisimama mbele ya ubao kama dakika nzima. "Ya mpango kazi isubiri," alisema, akaihamisha kadi kwa mkono wake. Tangu siku hiyo hakuwahi kuulizia mpango kazi kabla ya wakati, kwa sababu yeye ndiye aliyeusimamisha.

Dalili: kadi moja inakaa Inafanyika wiki hadi wiki, ingawa mwenye kazi anaifanya kweli

Hapa kadi ni kubwa mno. Tulikuwa na kadi iliyoandikwa "Taarifa ya robo ya kwanza", yaani ya Julai hadi Septemba kwa mwaka wa fedha wa Serikali. Kila Ijumaa mwenye kazi aliulizwa imefikia wapi, akasema asilimia 60, wiki iliyofuata 80, kisha 90, na kwenye 90 ikakaa siku tisa. Asilimia za namna hii ni makisio ya moyo. Hakuna anayeweza kuzikagua, na msimamizi mzoefu huacha kuzisikiliza.

Kata kadi hiyo mahali ambapo kitu kinachoshikika kinabadilisha mikono. Kwa taarifa ile tulipata kadi tano: takwimu za kata zote zimepokelewa, makosa yaliyo katika takwimu yamerekebishwa na watendaji, rasimu imeandikwa, maoni ya mkuu yameingizwa, taarifa imesainiwa na kuingia masjala ikiwa na namba ya kumbukumbu. Kila moja ilikuwa ya siku moja hadi tatu, na kila moja ina ushahidi ambao mtu wa nje anaweza kuutazama. Ukikuta kwamba kadi uliyoikata bado inazidi siku tano za kazi, ikate tena. Ukikuta ni ya saa mbili, umeikata mno na unawapa watu kazi ya kuhamisha karatasi.

Pamoja na hilo, andika chini ya neno Imeisha maana yake kwa maneno machache. Kwetu iliandikwa: "Imesainiwa au imepokelewa na aliyeiomba." Kabla ya hapo wengine waliita kazi imeisha walipobonyeza kitufe cha kuhifadhi, na mkuu akaja kuiuliza siku kumi baadaye kwa mshangao.

Dalili: Inasubiri mtu inaongezeka, na hakuna anayejua inamsubiri nani

Kadi iliyo katika safu hii iwe na vitu viwili vilivyoandikwa kwa herufi zinazosomeka kwa mbali: jina la cheo kinachosubiriwa na tarehe ambayo kusubiri kulianza. "Ununuzi, tangu 6/10" inatosha. Kadi isiyo na hivyo viwili irudi Inafanyika, kwa sababu anayesubiri bila kujua anamsubiri nani amesahau kuuliza.

Baada ya wiki mbili panga kadi hizo kwa cheo. Kwetu kulikuwa na 9: mbili zilisubiri ununuzi, moja ilisubiri masurufu, na sita zilikuwa juu ya meza ya mkuu wetu mwenyewe zikisubiri saini au maoni. Namna ya kumwambia hili inahitaji uangalifu. Usilifanye kikaoni mbele ya wengine. Aliyekuwa mkubwa kati yetu alimwendea asubuhi, akamwamkia, akamwambia kuna kadi sita zinazohitaji macho yake na kwamba nne ni za saini tu, hazizidi dakika ishirini. Tukapatana awe anasimama mbele ya ubao Jumanne na Alhamisi saa mbili na robo asubuhi, kabla simu hazijaanza kulia, na katika dakika hizo atoe saini zilizokusanywa. Wiki ya tatu kadi zilizomsubiri zilibaki mbili.

Kwa idara za nje huna uwezo huo. Huko ubao unaweza tu kuonyesha muda, na kazi ya msimamizi ni kupiga simu kwa mwenzake wa ngazi yake akiwa na tarehe mkononi.

Dalili: jedwali linalohesabu siku linatoa namba za ajabu

Wengi huhamisha kadi kwenye Google Sheets ili wapate umri wa kila kazi. Weka tarehe ya kuanza katika safu C, ya kumaliza katika safu D, na orodha ya sikukuu katika H. Fomula ya umri kwa siku za kazi ni hii:

```
=IF(C2="","",NETWORKDAYS(C2,IF(D2="",TODAY(),D2),$H$2:$H$15))
```

Inahesabu siku ya kuanza na siku ya kumaliza zote mbili, na inaruka Jumamosi na Jumapili. Kazi iliyoanza Jumatatu 6 Oktoba 2025 na kuisha Ijumaa 17 Oktoba itasoma 10 kama orodha ya sikukuu ni tupu, na 9 ukiwa umeandika humo tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere. Sehemu ile ya mwanzo ya fomula huzuia mstari usio na tarehe ya kuanza usitoe namba kubwa isiyo na maana.

Kama namba ni kubwa kupita kiasi ingawa tarehe zipo, jedwali linasoma mwezi kabla ya siku. Kazi iliyoanza 07/10/2025 inachukuliwa kuwa ya tarehe 10 Julai, na ikifungwa 17 Oktoba utaambiwa imechukua siku 72 za kazi mahali pa 9, kabla ya kuondoa sikukuu. Tarehe kama 13/10/2025 ndiyo humwumbua mhalifu: hakuna mwezi wa 13, kwa hiyo jedwali linaiacha kama maandishi na fomula inaandika `#VALUE!`. Fungua `File`, kisha `Settings`, na kwenye `Locale` uchague `United Kingdom`. Tahadhari: tarehe zilizokwisha kusomwa vibaya hazijirekebishi kwa kubadili mpangilio huo, hivyo ziandike upya moja moja.

Dalili: ubao uko sawa, lakini msimamizi bado anauliza "mmefikia wapi?"

Ubao unajibu swali la mahali kadi ilipo. Msimamizi anauliza swali jingine: kipi kitachelewa, na anatakiwa afanye nini. Akitazama kadi ishirini hawezi kulipata jibu hilo mwenyewe, na hana wajibu wa kulitafuta.

Mwandalie mistari mitatu kila Ijumaa, kwa ujumbe wa simu au nusu ukurasa. Mstari wa kwanza utaje zilizoisha wiki hiyo kwa majina yake. Wa pili utaje kadi mbili zenye umri mkubwa kuliko zote na sababu ya kila moja. Wa tatu utaje anachohitajika kukifanya yeye, na siku ya mwisho. Wetu wa wiki moja ulisomeka hivi: "Zimeisha: takwimu za shule, barua ya mkoani, rasimu ya robo. Za zamani: ramani ya vituo vya maji, siku 14, inasubiri ununuzi; orodha ya vikundi, siku 11, kata mbili hazijaleta. Kwako: saini ya rasimu kabla ya Jumanne." Jihadhari na kishawishi cha kuongeza chati. Mkuu wetu aliletewa chati ya rangi nne mara moja, akaitazama, akaigeuza karatasi kutafuta maelezo.

Akiendelea kuuliza hata baada ya wiki nne za mistari hiyo, muulize anaulizwa nini yeye na wakubwa wake. Kwetu iligundulika kwamba mkurugenzi alikuwa akimtaka taarifa kwa mafungu ya bajeti, wakati kadi zetu hazikuwa na namba ya fungu popote. Tuliiandika kwenye kona ya juu ya kila kadi, na simu za Alhamisi jioni zikakoma.

Kadi zilizoisha usizitupe. Zitie katika bahasha ya mwezi, zikiwa na tarehe mbili na namba ya fungu. Walio katika utumishi wa umma Tanzania watazihitaji wakati wa kujaza utekelezaji wao kwenye PEPMIS, mfumo uliochukua nafasi ya OPRAS, na anayekaa mbele ya skrini akijaribu kukumbuka alichokifanya miezi mitatu iliyopita atajua bahasha hiyo ina thamani gani, hasa zile kadi za waridi ambazo hazikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote.